Kutoka ripoti za mkono hadi ripoti za ratiba: mpango wa miezi mitatu kwa kampuni ndogo

Maswali ninayoulizwa na wahasibu wa kampuni ndogo kuhusu ripoti za mwisho wa mwezi yanafanana kiasi kwamba nimeona niyajibu mara moja kwa maandishi. Mmoja huuliza anunue programu gani. Mwingine huuliza kwa nini ripoti aliyoiwekea ratiba ilifika kwa wakati lakini jumla yake haikulingana na vitabu. Wa tatu huuliza kama kazi yote inaweza kumalizika ndani ya wiki moja. Kwa wa kwanza, huenda huhitaji kununua chochote. Swali la pili limechukua sehemu kubwa ya mwongozo huu. Kwa wa tatu jibu ni hapana, kwa sababu kazi ya kompyuta huchukua siku tatu au nne tu, ila ripoti ya mwezi haiwezi kupimwa mpaka mwezi ufungwe, na mwezi hufungwa mara moja.

Nitaeleza kwa kufuata kampuni moja niliyoisaidia, ambayo sitaitaja jina. Inauza vifaa vya ujenzi kwa jumla jijini Dar es Salaam, ina duka moja Buguruni na jingine Tegeta, na hutoa ankara kati ya 400 na 600 kwa mwezi. Karani wa hesabu alikuwa akitumia siku tano za mwanzo wa kila mwezi kunakili mauzo kutoka programu ya mauzo kwenda kwenye lahajedwali, kuyapanga kwa duka, kisha kumpelekea meneja. Kama kampuni yako ni ya ukubwa huo, hatua hizi zitakufaa jinsi zilivyo. Kama unatoa ankara elfu kumi au zaidi kwa mwezi, fuata mpangilio wa miezi lakini tafuta chombo kizito kuliko lahajedwali.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Programu ya mauzo inayoweza kutoa data zake kama faili la CSV au Excel. Kama mauzo yako bado yapo kwenye daftari, anza na hilo kwanza, kwa maana ratiba haiwezi kusoma daftari.
- Akaunti ya Google iliyo mali ya kampuni, isiyo ya mfanyakazi yeyote. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 6.
- Ripoti tatu za mwisho zilizotengenezwa kwa mkono, pamoja na karatasi za Z za mashine za EFD za miezi hiyo.
- Mtu mmoja mwenye kazi hii, ambaye kwa kawaida ni mhasibu, na karani anayetengeneza ripoti hivi sasa. Usijaribu kuifanya bila karani, hata kama unajua lahajedwali kuliko yeye.
- Saa mbili za meneja mwanzoni na saa moja kila baada ya mwezi kufungwa.

Chagua pia wakati wa kuanza. Kampuni hii ilianza tarehe 1 Agosti, hivyo ripoti ya kwanza kujitegemea ilitoka tarehe 4 Novemba. Epuka mpango unaoangukia kwenye ufungaji wa hesabu za mwaka, kwa sababu karani hatakuwa na muda wa kutengeneza ripoti mara mbili, na bila ripoti ya mkono ya kulinganishia utakuwa unabahatisha.

Mwezi wa kwanza (Agosti): kuandika kinachofanywa

Hatua ya 1. Chagua ripoti moja. Orodhesha ripoti zote za mwisho wa mwezi, na mbele ya kila moja andika jina la mtu anayeisoma na jambo analoliamua kutokana nayo. Tulipata ripoti saba. Meneja alikiri kwamba anasoma tatu, na mojawapo ya zile nne nyingine ilikuwa imeombwa na benki wakati wa mkopo ambao ulikwisha kulipwa zamani. Karani aliendelea kuitengeneza kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Ripoti ya namna hiyo usiiwekee ratiba, ifute. Kati ya zinazobaki, anza na mauzo kwa duka, kwa kuwa ndiyo yenye data nyingi na sheria chache. Ripoti ya madeni ya wateja ni ngumu zaidi, isubiri.

Hatua ya 2. Kaa pembeni ya karani wakati anafunga mwezi. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo chanzo cha jumla zisizolingana. Tarehe 1 hadi 4 Agosti nilikaa na karani akifunga Julai, nikiwa na kalamu na daftari, nami nikaandika kila mara mkono wake ulipobadilisha kitu ambacho programu ya mauzo ilikuwa imekitoa. Usimwombe akueleze anavyofanya kazi, kwa maana atakueleza utaratibu rasmi. Yale anayoyafanya kwa mazoea hayatakuja mdomoni. Mwangalie tu, kisha uliza.

Katika siku ya pili alifuta mistari minne mfululizo bila hata kusita. Nilipomuuliza akasema, "Hiyo ni mali imehamia Tegeta, siyo mauzo." Kumbe bidhaa zinapotoka duka moja kwenda jingine, programu yao haina njia ya kuhamisha, kwa hiyo huandikwa kama ankara ya mteja anayeitwa OFISI. Hakuna mahali popote palipoandikwa jambo hilo. Kama ningejenga ripoti kutokana na data peke yake, kila uhamisho ungehesabiwa kuwa mauzo, na Tegeta ingeonekana inauza mali ambayo Buguruni imeshahesabiwa tayari.

Mwisho wa ufungaji nilikuwa na marekebisho kumi na moja. Yagawe yako katika mafungu matatu: yale yanayoweza kuwa sheria (ondoa mteja OFISI), yale yanayopaswa kurekebishwa kwenye programu ya mauzo yenyewe (mteja mmoja aliyeandikwa kwa majina mawili), na yale yanayotegemea habari ambazo karani huzipata kwa simu, kama vile bidhaa zilizorudishwa na mteja. Fungu la tatu ndilo la hatari. Jambo lililo kwenye simu ya karani haliwezi kuingia kwenye ripoti ya ratiba, kwa hiyo kila jambo la namna hiyo litafutiwe mahali pa kuandikwa. Sisi tuliamua kwamba kila bidhaa inayorudi iingizwe kwenye programu ya mauzo siku ileile na duka lililoipokea, kwa kiasi cha hasi.

Hatua ya 3. Weka siku ya kufunga mwezi, iandikwe na kusainiwa na meneja. Ripoti ya mkono husubiri ankara iliyochelewa, ila ripoti ya ratiba haisubiri mtu. Tulikubaliana kwamba mauzo yote ya mwezi uliopita yawe yameingizwa ifikapo tarehe 3 saa 11 jioni, na ripoti itoke tarehe 4 asubuhi. Ankara itakayoingia baada ya hapo itaingizwa kwa tarehe ya mwezi unaofuata, ionekane kama marekebisho ya mwezi huo. Tarehe hizo zinaacha nafasi ya kutosha kabla ya kuwasilisha kodi ya mishahara, ambayo Tanzania hutakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na kabla ya ritani ya VAT ya tarehe 20.

Onyo: usiweke ripoti itoke tarehe 1 kwa kutaka kumfurahisha meneja. Itatoka, na itakuwa na upungufu kila mwezi.

Mwezi wa kwanza, wiki za mwisho: kujenga

Hatua ya 4. Jenga kitabu chenye karatasi tatu. Fungua Google Sheets kwa akaunti ya kampuni. Kabla ya kuingiza chochote nenda `File > Settings`, weka `Locale` iwe `United Kingdom` ili tarehe zisomwe kwa siku kwanza kisha mwezi, na uweke ukanda wa saa wa Afrika Mashariki. Kisha tengeneza karatasi hizi:

DATA ni mahali pa kubandika faili kutoka programu ya mauzo bila kulihariri. Safu ya A ni tarehe, B namba ya ankara, C duka, D mteja, E aina (MAUZO au KURUDI), F kiasi bila VAT, na G kiasi pamoja na VAT. Kila mwezi mpya hubandikwa chini ya ule uliotangulia. Mtu yeyote asirekebishe namba humu kwa mkono. Kosa likionekana, lirekebishwe kwenye programu ya mauzo na data zitolewe upya.

RIPOTI ndiyo karatasi ambayo meneja ataiona.

UKAGUZI ni karatasi ya kuamua kama ripoti itumwe au izuiwe. Seli ya B1 ina siku ya kwanza ya mwezi uliopita na B2 ina siku yake ya mwisho:

```
B1:  =EOMONTH(TODAY(),-2)+1
B2:  =EOMONTH(TODAY(),-1)
```

Mauzo ya Buguruni kwenye karatasi ya RIPOTI yanapatikana hivi, na sheria ya OFISI ipo ndani yake:

```
=SUMIFS(DATA!F:F, DATA!A:A, ">="&UKAGUZI!B1,
  DATA!A:A, "<"&UKAGUZI!B2+1,
  DATA!C:C, "Buguruni", DATA!D:D, "<>OFISI")
```

Angalia alama ya `<` na `+1` kwenye mstari wa pili. Wengi huandika `<=` na kuishia B2, na hapo hujikwaa. Programu nyingi za mauzo huhifadhi tarehe pamoja na saa, na kwa lahajedwali tarehe 31 bila saa maana yake ni usiku wa manane wa kuingia tarehe 31. Ankara ya saa tisa alasiri siku hiyo ni kubwa kuliko B2, kwa hiyo inaachwa. Ukiona mauzo ya siku ya mwisho ya mwezi hayamo, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Hatua ya 5. Weka ukaguzi kabla ya kuweka ratiba. Ripoti iliyochelewa, meneja ataiulizia. Ile yenye kosa iliyofika kwa wakati ataitumia. Kwa sababu hiyo ripoti inapaswa kujizuia yenyewe data zinapokuwa na walakini. Seli hizi zinatosha kwa kuanzia:

```
B3:  =COUNTA(DATA!F2:G)-COUNT(DATA!F2:G)
B4:  =COUNTA(DATA!A2:A)-COUNT(DATA!A2:A)
B5:  =SUMIFS(DATA!G:G, DATA!A:A, ">="&B1,
       DATA!A:A, "<"&B2+1, DATA!D:D, "<>OFISI",
       DATA!E:E, "MAUZO")-B7
B6:  =IF(AND(B3=0,B4=0,ABS(B5)<=500),"SAWA","ZUIA")
```

B3 huhesabu viasi vilivyoingia kama maandishi badala ya namba, na B4 hufanya hivyohivyo kwa tarehe. B5 ndiyo ya thamani kuliko zote. Katika B7 mhasibu huandika jumla ya karatasi za Z za mashine zote za EFD kwa mwezi husika, na B5 huonyesha tofauti kati ya jumla hiyo na mauzo yaliyomo kwenye DATA, yakiwa na VAT na kabla ya kutoa bidhaa zilizorudishwa. Uzuri wa Z ni kwamba haitoki kwenye programu ya mauzo, hivyo haiwezi kubeba kosa lilelile. Shilingi 500 nilizoziruhusu ni za kukadiria senti. Mhasibu akisahau kuandika Z, au akiacha ile ya mwezi uliopita, tofauti itakuwa kubwa na ripoti itazuiwa.

Katika B8 andika anwani ya barua pepe ya meneja na katika B9 ya mhasibu, ili watu wakibadilika usilazimike kugusa msimbo.

Hatua ya 6. Weka msimbo na ratiba. Ndani ya kitabu hichohicho fungua `Extensions > Apps Script`, futa kilichomo, ubandike hiki:

```
function tumaRipoti() {
  const k = SpreadsheetApp.getActive();
  const u = k.getSheetByName('UKAGUZI');
  const hali = u.getRange('B6').getValue();
  const meneja = u.getRange('B8').getValue();
  const mhasibu = u.getRange('B9').getValue();
  if (hali !== 'SAWA') {
    MailApp.sendEmail(mhasibu, 'Ripoti IMEZUIWA',
      'Fungua UKAGUZI, angalia B3 hadi B5.');
    return;
  }
  MailApp.sendEmail(meneja, 'Mauzo ya mwezi',
    'Ripoti imeambatishwa.',
    {attachments: [k.getAs('application/pdf')], cc: mhasibu});
}

function wekaRatiba() {
  ScriptApp.newTrigger('tumaRipoti')
    .timeBased().onMonthDay(4).atHour(6).create();
}
```

Ficha karatasi za DATA na UKAGUZI ili PDF iwe na RIPOTI peke yake. Endesha `tumaRipoti` mara moja kwa mkono. Google itaomba ruhusa, na kwa kuwa msimbo ni wako, iruhusu. Hakikisha PDF iliyofika ina ukurasa unaoutaka tu. Kisha endesha `wekaRatiba`, mara moja tu.

Kuna maonyo matatu hapa. La kwanza linatuhusu sisi hasa: `atHour(6)` ni saa 12 asubuhi kwa saa zetu. Mhasibu mmoja aliandika `atHour(12)` akimaanisha saa 12 asubuhi, na ripoti ikawa inafika saa 6 mchana, baada ya kikao. Usitarajie pia dakika kamili, kwani Google hutuma wakati wowote ndani ya saa hiyo. Katika mipangilio ya mradi wa Apps Script hakikisha ukanda wa saa ni `Africa/Dar_es_Salaam`, kwa maana ratiba hufuata ukanda wa mradi, nao unaweza kutofautiana na ule uliouweka kwenye kitabu.

La pili, ratiba ni mali ya akaunti iliyoiweka. Ukiiweka kwa akaunti yako binafsi ukaondoka na akaunti ikafungwa, ripoti itakoma kimya kimya. Ndiyo maana niliomba akaunti ya kampuni.

La tatu, katika mwezi wa kwanza wa majaribio andika anwani ya mhasibu katika B8 na B9 zote mbili. Meneja asione ripoti ambayo haijapimwa, kwa sababu akiona kosa mara moja atarudi kwenye ya mkono, na kumrudisha tena ni kazi ya mwaka mzima.

Mwezi wa pili (Septemba): kuendesha zote mbili

Hatua ya 7. Linganisha, na ufuatilie kila tofauti mpaka kwenye ankara yake. Tarehe 3 na 4 Septemba karani alifunga Agosti kwa mkono kama kawaida, bila kuonyeshwa ripoti ya ratiba. Hilo la kutomwonyesha ni muhimu. Mtu akijua jibu linalotakiwa atalifikia. Yake ilitoa mauzo ya TSh 84,615,000 bila VAT. Ya ratiba ilikuwa TSh 83,240,000. Tofauti ni TSh 1,375,000.

Kila mtu chumbani alisema mashine imekosea. Nami nusura niseme hivyo. Tulianza kwa kugawa tofauti kwa duka: Buguruni ilikuwa na tofauti ya 125,000 na Tegeta 1,250,000. Kisha tukagawa kwa wiki, halafu kwa siku, mpaka tukabaki na ankara chache za kutazama kwa macho. Njia hii ya kugawa haichukui zaidi ya nusu saa, wakati kupitia ankara zote moja moja huchukua siku nzima.

Tegeta kulikuwa na siku ambayo umeme ulikatika, muuzaji akatuma mauzo kwa simu, na yakaingizwa baadaye kwa kunakili ujumbe wake. Ankara moja ilikuwa imeandikwa `1,250,000/=`. Kwa jicho la mtu hiyo ni namba, lakini kwa lahajedwali, kwa sababu ya ile `/=`, ni maandishi, na `SUMIFS` huyapita maandishi bila kulalamika. Karani, aliyejumlisha kwa kikokotoo, aliihesabu. Hapo mashine ilikuwa imekosea kweli, na wakati huo B3 haikuwepo. Ilizaliwa siku hiyo.

Ile 125,000 ya Buguruni ilikuwa kinyume chake. Mteja alirudisha bati, duka likaingiza kwenye programu kama tulivyokubaliana, ripoti ya ratiba ikaipunguza. Karani hakuijua, kwa kuwa aliendelea kusubiri kupigiwa simu. Kwa hiyo jumla sahihi haikuwa ya yeyote kati yao: ilikuwa TSh 84,490,000.

Andika kila tofauti kwenye jedwali lenye kiasi, ankara, sababu na marekebisho. Onyo: usikubali tofauti ndogo kwa kusema ni ndogo. Tofauti ya shilingi 3,000 inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana, na mwezi ujao hayatafutana.

Hatua ya 8. Rekebisha chanzo, kisha rudia. Septemba yote ilikuwa ya kurekebisha: majina mawili ya mteja mmoja yaliunganishwa, Tegeta ikafundishwa kuandika namba tupu, na B3 ikaongezwa. Tarehe 4 Oktoba tulilinganisha tena. Ripoti ilizuiwa asubuhi ile na B5, kwa kuwa Z ya siku moja ilikuwa imesahauliwa katika kujumlisha. Mhasibu akaiongeza, akaendesha `tumaRipoti` kwa mkono, na tofauti na ya karani ikawa sifuri. Ndipo meneja alipotumiwa kwa mara ya kwanza.

Kigezo changu ni hiki: usiache ripoti ya mkono mpaka upate mwezi mmoja kamili ambao kila shilingi ya tofauti imeelezwa. Kama Oktoba bado una tofauti usiyoielewa, ongeza mwezi. Mpango wa miezi mitatu ukiwa wa minne hakuna kitakachoharibika.

Mwezi wa tatu (Oktoba): kukabidhi

Hatua ya 9. Simamisha ripoti ya mkono rasmi. Meneja amwambie karani mwenyewe, mbele ya mhasibu, kwamba kuanzia Novemba haitakiwi tena, na wakati huohuo amwambie atafanya nini na zile siku tano. Karani wengi huendelea kutengeneza ya mkono kwa siri, wengine kwa kutoiamini mashine, wengine kwa hofu ya kazi yao, na hofu hiyo haiondoki kwa maneno ya jumla. Huyu alipewa kufuatilia wateja wanaodaiwa zaidi ya siku 60, kazi ambayo awali haikuwa na mwenyewe.

Andika ukurasa mmoja, siyo zaidi, unaoeleza: nani anabandika data tarehe 3, nani anaandika Z katika B7, ripoti ikizuiwa nani anaitwa, na nenosiri la akaunti ya kampuni linahifadhiwa wapi. Kisha mwache mtu wa pili aendeshe ufungaji wa mwezi mmoja kwa kufuata ukurasa huo, wewe ukiwa umekaa mbali. Mahali atakaposimama na kukutazama ndipo ukurasa una pengo.

Hifadhi kila PDF kwenye folda ya kampuni. Kitabu chenyewe hubadilika kila mwezi kwa sababu ya `TODAY()`, kwa hiyo atakayekifungua Desemba akitafuta takwimu za Septemba hatazikuta.

Mambo yanapokwama

*Ripoti haikufika wala ujumbe wa kuzuiwa haukufika.* Fungua Apps Script, ingia sehemu iliyoandikwa `Executions`. Kama hakuna kilichoendeshwa tarehe 4, ratiba haipo au akaunti yake imefungwa, tazama `Triggers`. Kama kuna kilichoshindwa, soma sababu yake. Mara nyingi mtu amebadilisha jina la karatasi ya UKAGUZI, na msimbo hauioni tena.

*Ripoti imefika mara mbili.* `wekaRatiba` iliendeshwa mara mbili. Futa moja kwenye `Triggers`.

*Mauzo ya mwezi karibu yote hayamo na B4 inaonyesha namba kubwa.* Tarehe zinasomwa mwezi kwanza kisha siku. Tarehe 3 Septemba imegeuka Machi 9, na kuanzia tarehe 13 zimeshindikana kusomwa zikawa maandishi. Utazitambua kwa kuwa zimekaa upande wa kushoto wa seli wakati tarehe halisi hukaa kulia. Rekebisha `Locale`, futa data za mwezi huo, ubandike upya. Kubadilisha mipangilio peke yake hakugeuzi zilizokwisha kuingia.

*B5 ina tofauti kubwa.* Gawanya jumla ya Z kwa jumla ya DATA. Ukipata 1.18, au karibu nayo, basi umelinganisha kiasi chenye VAT na kisicho na VAT, pengine faili la programu ya mauzo limebadilisha mpangilio wa safu. Kama sivyo, tafuta siku ambayo Z yake haikuingizwa, au siku ambayo duka moja halikutoa data.

*Jumla ya maduka mawili haifikii jumla ya mauzo yote.* Jina la duka limeandikwa tofauti mahali fulani. Tumepata "Buguruni" yenye nafasi mwishoni, ambayo kwa macho haionekani. Tumia kichujio kwenye safu ya C. Majina yataorodheshwa, na lile la ziada utaliona hapohapo.

*Meneja anasema anataka kubadilisha ripoti.* Mwandikie ombi lake, ulitekeleze kwenye nakala ya kitabu, na ulinganishe mwezi mmoja kabla ya kuhamishia kwenye kitabu halisi. Kampuni hii iliomba safu ya faida kwa duka mwezi wa Novemba, nasi tuliiingiza kwenye ripoti ya Januari.